Waliogeuka Ndio Wanaohesabiwa

Ripoti ya mafunzo haikosi mchoro wa nguzo mbili. Nguzo fupi ni ya waliojibu sahihi kabla ya mafunzo, nguzo ndefu ni ya waliojibu sahihi baada yake, na chini ya mchoro kuna sentensi inayosema uelewa wa washiriki umeongezeka. Mfadhili anasoma, mratibu anashusha pumzi, faili linafungwa. Swali ambalo nguzo hizo haziwezi kulijibu ni hili: ni nani hasa waliobadili majibu yao, na waligeukia upande gani?

Mwaka 1947 mwanasaikolojia Mmarekani Quinn McNemar, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha makala fupi katika jarida la Psychometrika kuhusu swali la namna hiyo. Kipimo alichokieleza kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kinafaa pale mtu yuleyule anapoulizwa swali lilelile mara mbili, na jibu lake ni ndiyo au hapana, sahihi au kosa, anafanya au hafanyi. Ajabu yake ni kwamba hakiwatazami kabisa watu ambao jibu lao halikubadilika, hata wakiwa ndio wengi. Mtu akikisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni ubadhirifu: mmetafuta watu 80, mmewalisha, mmewalipa posho na nauli, halafu hesabu inafanywa kwa 27 tu? Tutaona kwa nini ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tuchukue mfano. Namba nimezitunga mwenyewe ili hesabu ifuatilike, ila swali lenyewe ni la kweli. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii 80 wamepewa mafunzo ya siku mbili juu ya kumhudumia mtoto anayehara. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na Unisefu walishauri kwamba pamoja na maji ya ORS, mtoto huyo apewe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Shida hutokea kuhara kunapokoma mapema. Mama anaona mtoto amechangamka, anaacha vidonge, au anavitunza kwa ajili ya siku nyingine. Kumbe siku zinazobaki zina kazi yake, kwa sababu zinki ikikamilishwa humpunguzia mtoto uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Kwa hiyo katika dodoso kuna swali hili: “Mtoto wa mwaka mmoja ameanzishiwa vidonge vya zinki. Kuhara kumekoma siku ya tatu. Je, aendelee kumeza mpaka siku alizopangiwa ziishe?” Jibu sahihi ni ndiyo. Swali limeulizwa asubuhi ya siku ya kwanza kabla mkufunzi hajafungua mdomo, na limeulizwa tena mwisho wa siku ya pili. Kabla ya mafunzo walipata 34. Baada ya mafunzo wamepata 49.

Hapo ndipo ripoti nyingi zinapoishia: asilimia 42.5 imepanda hadi 61. Sisi tusiishie hapo. Tuchukue fomu zote 160, kila mtu fomu yake ya kwanza ibanwe na ya pili kwa pini, na tuzipange mezani mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la waliopata mara zote mbili, wametokea 28. La pili ni la waliokosa kwanza kisha wakapata, nao ni 21. La tatu ni la waliopata kwanza kisha wakakosa, nao ni 6. La nne ni la waliokosa mara zote mbili, 25. Ukijumlisha unapata 80, na ukijumlisha la kwanza na la tatu unapata wale 34 wa asubuhi ya kwanza, kama ilivyotarajiwa. Jedwali lake ni hili:

| | Baada: sahihi | Baada: kosa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Kabla: sahihi | 28 | 6 | 34 |
| Kabla: kosa | 21 | 25 | 46 |
| Jumla | 49 | 31 | 80 |

Tazama 34 na 49 zilivyokaa pembeni mwa jedwali, kwenye jumla. Mchoro wa nguzo mbili umechorwa kwa namba za pembeni peke yake. Habari ya mafunzo imo ndani, kwenye 21 na 6.

Sasa ile hoja ya ubadhirifu. Tuseme mafunzo hayakuwa na athari yoyote. Hata hivyo majibu ya watu yangetikisika kidogo: mmoja alibahatisha mara ya kwanza, mwingine hakusoma swali vizuri mara ya pili, wa tatu alichungulia kwa jirani. Wapo ambao wangegeuka. Ila kama hakuna kinachowasukuma, hakuna sababu ya kugeukia upande mmoja zaidi ya mwingine. Kila aliyegeuka ni kama sarafu iliyorushwa: nusu ya uwezekano ameinuka, nusu ameanguka. Swali linakuwa jepesi kuliko tulivyodhani: ukirusha sarafu mara 27, ni ajabu kiasi gani kupata 21 upande mmoja na 6 upande wa pili?

Wale 28 waliopata mara zote mbili hawana la kusema kuhusu sarafu hiyo. Hawakurushwa. Hata wale 25 waliokosa mara zote mbili hawajasema kama upepo unavuma juu au chini. Walichosema ni kwamba upepo haukuwafikia. Maana yao tutairudia, kwa sababu ni kubwa, lakini si katika hesabu hii.

Hesabu ya McNemar inafanyika hata nyuma ya bahasha. Toa waliogeuka upande mmoja kwa waliogeuka upande wa pili: 21 toa 6 ni 15. Zidisha 15 kwa 15 upate 225. Gawanya kwa jumla ya waliogeuka, 27. Jibu ni 8.33. Namba hiyo inalinganishwa na 3.84, ambayo ni kizingiti cha kai mraba kwa kiwango cha asilimia 5: kama mafunzo hayakubadili kitu, namba yetu ingevuka 3.84 takriban mara 5 tu katika kila 100. Sisi tuna 8.33. Sarafu isiyo na upendeleo hutoa matokeo ya namna hii kwa nadra sana.

Mwaka mmoja baada ya McNemar, katika jarida lilelile, Allen Edwards alipendekeza tofauti ipunguzwe moja kabla ya kuzidishwa, kwa kuwa watu huhesabika kwa uzima lakini kai mraba hupita bila kukatika. Badala ya 15 unatumia 14, na 196 gawa kwa 27 ni 7.26. Utakutana na namba zote mbili katika vitabu na programu mbalimbali, na watu hubishana ipi itumike. Mimi naona ubishi huo umepitwa na wakati, kwa sababu leo mtu yeyote mwenye kompyuta ya ofisini anaweza kuihoji sarafu yenyewe moja kwa moja. Katika Excel unaandika:

```
=2*BINOM.DIST(6,27,0.5,TRUE)
```

Maana yake: katika mirusho 27, kuna uwezekano gani wa upande mmoja kutokea mara 6 au pungufu, na zidisha kwa mbili kwa sababu pande zote mbili tungezishangaa. Jibu ni 0.0059, yaani kama mara 6 katika kila 1,000. Hapo hapana haja ya kizingiti wala ya kupunguza moja.

Njia hii ya sarafu inakuwa ya lazima pale waliogeuka wanapokuwa wachache. Chukua mafunzo ya watu 15, ambapo watano wamegeuka na wote watano wameinuka. Moyo unakwambia ushindi ni wa wazi. Lakini sarafu ikirushwa mara tano, uwezekano wa kuangukia upande mmoja mara zote ni mara 2 katika 32, yaani 0.0625, juu ya asilimia 5. Kwa hiyo waliogeuka wakiwa watano au pungufu, hakuna matokeo yoyote, hata yawe mazuri vipi, yanayoweza kupita kwa kiwango hicho. Wakiwa sita na wote wameinuka ndipo uwezekano unashuka hadi 0.031. Mratibu anayepanga mafunzo ya watu 12 akitegemea kipimo hiki kimthibitishie mafanikio yake angejiuliza kwanza: katika hao 12, ni wangapi ninaotarajia wageuke? Akijibu wanne, basi asijisumbue na kipimo. Aandike majina na majibu, inatosha.

Sasa turudi kwa nguzo zetu mbili, 34 na 49, nione kama naweza kukushawishi kwamba hazitoshi. Nguzo zilezile zingeweza kutoka kwenye mafungu tofauti kabisa. Tuseme walioinuka ni 15 na hakuna hata mmoja aliyeanguka: waliopata mara zote mbili wangekuwa 34, waliokosa mara zote 31. Nguzo hazibadiliki, lakini sasa 225 inagawanywa kwa 15 na kutoa 15 kamili. Ushahidi umekuwa mzito zaidi kwa watu wachache zaidi waliogeuka, kwa kuwa wote wamekwenda njia moja.

Au tuseme tumekuta hivi: waliopata mara zote mbili ni 3 tu, walioinuka 46, walioanguka 31, na waliokosa mara zote hakuna. Jumlisha mwenyewe: kabla, 3 na 31 ni 34, baada, 3 na 46 ni 49. Mchoro wa nguzo utatoka vilevile, na sentensi ya chini yake vilevile. Kipimo kinasema 225 gawa kwa 77, yaani 2.92, ambayo haifiki 3.84. Tofauti ileile ya watu 15, lakini ndani ya vurugu ya watu 77 wanaohama huku na huko, haishangazi tena.

Mtu mwenye uzoefu akiona jedwali la namna hiyo hamalizi kwa kusema kipimo hakijapita. Anasimama. Inakuwaje watu 31 kati ya 34 waliojua wasahau ndani ya siku mbili, na wote 46 wasiojua wajue, asibaki hata mmoja? Mafunzo hayafanyi hivyo. Kinachofanya hivyo mara nyingi ni uingizaji wa data. Fomu ya kwanza iliandikwa “1 Ndiyo, 2 Hapana”. Aliyeandaa fomu ya pili akaandika “1 Hapana, 2 Ndiyo”. Kijana anayeingiza majibu kwenye kompyuta akaendelea kusoma 1 kama ndiyo. Majibu yote ya mara ya pili yamepinduka. Yapindue yarudi mahali pake na utaona: waliopata mara zote mbili ni 31, waliokosa mara zote 46, walioanguka 3, walioinuka hakuna. Nguzo ya pili ilitakiwa kuwa 31, si 49. Ripoti iliyotaka kusherehekea ongezeko la asilimia 19 ilikuwa na mafunzo ambayo hayakumwinua mtu hata mmoja kwenye swali hilo, na nguzo zake mbili zisingekwambia kamwe.

Wapo wanaokosea kwa njia ya kisomi zaidi. Wanajua kwamba asilimia mbili zinahitaji kupimwa, kwa hiyo wanachukua kipimo cha kawaida cha kulinganisha makundi mawili, wanaingiza 34 kati ya 80 na 49 kati ya 80, na kupata kai mraba ya 5.63. Kipimo hicho kimedhani kuna watu 160, themanini wa kabla na themanini wengine wa baada, wasiojuana. Angalia kinavyopotosha: kwa mafungu yetu ya kwanza kimetoa 5.63 penye 8.33, kikipunguza nguvu ya ushahidi. Kwa mafungu ya vurugu kimetoa 5.63 ileile penye 2.92, kikipitisha kisichopaswa kupita. Kinatoa jibu moja kwa hali zote kwa sababu kinaona namba za pembeni tu.

Yote haya yanategemea kitu kimoja kidogo ambacho hupotea kirahisi: kujua fomu ipi ya pili ni ya nani. Waandaaji wengi, kwa nia njema, hukataza majina ili watu wajibu kwa uhuru. Fomu zikishakusanywa bila alama yoyote, jozi zimekufa na hakuna fundi wa takwimu atakayezifufua. Suluhisho ni namba ya siri ambayo mtu anaijenga mwenyewe na ataikumbuka bila kuiandika pembeni, kwa mfano herufi mbili za kwanza za jina la mama yake na tarehe aliyozaliwa: mama Halima, tarehe 9, basi HA09. Katika watu 80 wawili wanaweza kugongana, kwa hiyo ongeza tarakimu mbili za mwisho za simu. Siku ya pili lazima maelekezo yawe yaleyale neno kwa neno, kwa maana ukisema “jina la mzazi” badala ya “jina la mama”, utapata namba ambazo hazina mwenzake. Wasiopata mwenza hawawezi kuingia katika hesabu, na idadi yao iandikwe kwenye ripoti.

Siku ya pili yenyewe ina mambo yake. Saa kumi jioni, daftari la posho limeshafunguliwa mlangoni, gari la kwenda vijijini linapiga honi, ndipo mtu anagawiwa fomu ya pili. Baadhi watajibu huku wamesimama na begi begani. Wanaoanguka saa hiyo huenda hawakusahau chochote. Nafuu fomu ijazwe kabla ya kipindi cha mwisho, au mara tu baada ya chakula cha mchana.

Kuna kosa jingine ambalo huonekana kama busara. Mratibu anaona hakuna haja ya kuwafundisha wanaojua, kwa hiyo wale 34 waliopata mwanzoni anawaruhusu waende, na anawafundisha na kuwapima tena wale 46 waliokosa. Kama utaratibu wa kuokoa fedha, sawa. Lakini kipimo kimeshauawa, kwa sababu kwa watu waliokosa wote hakuna njia ya kuanguka. Anayegeuka hana budi kuinuka. Sarafu ina upande mmoja. Hata wangejibu kwa kubahatisha tu, karibu nusu yao wangeinuka na asingeanguka mtu, na namba ingetoka kubwa ya kutisha. Ukiona jedwali ambalo fungu la walioanguka lina sifuri, uliza kwanza kama kulikuwa na mtu yeyote ambaye angeweza kuanguka.

Swali nalo linaweza kuharibu. Katika ukumbi wa mafunzo watu huelekea kukubali, na baada ya siku mbili za kumsikiliza mkufunzi huelekea kukubali zaidi. Kama maswali yote jibu lake sahihi ni ndiyo, walioinuka wanaweza kuwa wameinuka kwa adabu tu. Ndiyo maana dodoso zuri huchanganya: swali la zinki lijibiwe ndiyo, lakini lingine, kwa mfano “Mtoto anayehara apunguziwe kunyonya?”, lijibiwe hapana. Walioinuka kwenye yote mawili ndio unaoweza kuwaamini. Na maswali ya kukanusha yaachwe. Ukiuliza “Je, mama asiache zinki kuhara kunapokoma?”, mmoja atajibu “Ndiyo” akimaanisha ndiyo, asiache, na mwenzake “Hapana” akimaanisha hapana, asiache. Wamekubaliana na fomu inasema wamepingana.

Kipimo kikishapita, watu wengi huona kazi imekwisha. Bado. Namba 8.33 inasema kwamba waliogeuka walielemea upande mmoja. Haisemi ni kwa kiasi gani mafunzo yamewafaa watu 80. Fikiria waliogeuka ni walewale 21 na 6, lakini waliofundishwa ni 8,000. Hesabu ya McNemar haitabadilika hata chembe, ingali 8.33, wakati faida imekuwa ya watu 15 kati ya 8,000, chini ya wawili katika kila 1,000. Hapa ndipo waliobaki walipokuwa wanarudi kazini. Ukubwa wa badiliko ni 15 gawa kwa wote 80, yaani pointi 19 hivi za asilimia. Na kwa kuwa sampuli ni ndogo, pointi hizo zina mawanda yake: kwa njia ya kawaida ya kukadiria, kwa uhakika wa asilimia 95, ni kuanzia takriban 7 hadi 31. Mtu anayetaka kuamua kama mafunzo yarudiwe wilaya ya jirani angeanza na hizo 7 na 31 kabla ya kuitazama 8.33. Kisha awatazame wale 25 ambao wameingia hawajui na wametoka hawajui. Ni karibu theluthi ya ukumbi. Huenda wao ndio habari kubwa ya mafunzo haya.

Na tusiwaruke wale sita. Kwa kipimo wao ni namba ya kutolewa tu, lakini wanapatikana, wana namba za siri, na unaweza kuangalia walikaa kundi gani siku ya kazi za vikundi. Ukikuta wametawanyika ukumbi mzima, pengine ni bahati mbaya ya kalamu. Ukikuta wanne kati yao walikuwa kundi moja, zungumza na mwezeshaji wa kundi hilo. Si ajabu akawa alisisitiza, kwa nia nzuri, kwamba watoto wasipewe dawa pasipo sababu, na wasikilizaji wake wakalibeba hilo mpaka kwenye zinki. Hapo unagundua pia kwamba dhana ya kila mtu kuwa sarafu yake peke yake imelegea: walioketi meza moja waligeuka pamoja, na 27 wetu ni kama wamepungua kidogo.

Kitu ambacho kipimo hiki hakina uwezo nacho kabisa ni kusema nani aliyewageuza. Katikati ya asubuhi ya kwanza na jioni ya pili kulikuwa na mafunzo, lakini pia kulikuwa na dodoso lenyewe. Mtu aliyeulizwa swali la zinki asiloweza kulijibu atamuuliza mwenzake wakati wa chai. Huenda angeinuka hata mkufunzi asingefika. Njia ya kulitenganisha hilo ni kuwa na kundi la pili la wahudumu wanaojaza fomu zilezile kwa siku zilezile bila kufundishwa, kisha kulinganisha walioinuka na walioanguka wa pande zote mbili. Hilo linahitaji fedha na uvumilivu, na ndiyo sababu halifanywi mara nyingi. Lakini bila hilo, sentensi halali ni “baada ya mafunzo majibu yamebadilika”, si “mafunzo yamebadilisha majibu”.

Mara nyingine mratibu hurudi baada ya miezi mitatu na kuwauliza tena. Sasa kila mtu ana majibu matatu, na kishawishi ni kupima kila jozi: kabla na baada, baada na miezi mitatu, kabla na miezi mitatu. William Cochran alitengeneza mwaka 1950 kipimo kinachochukua mara zote tatu kwa pamoja, na kikitumika kwa mara mbili tu kinarudi kuwa kile cha McNemar. Kwa kazi nyingi za wilayani, hata hivyo, jozi moja inatosha ikiwa imechaguliwa kabla ya kuona majibu, na ningechagua kabla na miezi mitatu, kwa sababu mama hamfuati mhudumu siku ya kufunga mafunzo. Shida ni kwamba baada ya miezi mitatu hutawapata wote. Tuseme umewapata 61. Hesabu ifanywe kwa hao 61 na fomu zao wenyewe za mwanzo, si kwa kulinganisha 61 wa leo na 80 wa siku ile. Halafu uangalie wale 19 waliokosekana wametoka fungu lipi mezani. Wakiwa wengi wao ni wa fungu la nne, la waliokosa mara zote mbili, basi waliobaki wataonekana wamejua zaidi hata kama hakuna aliyejifunza neno jipya.